Nimeuza gari, bima bado ilikuwa na miezi. Mbona narudishiwa kidogo?

*Mshauri, shikamoo. Naishi Ipagala, hapa Dodoma. Tarehe 10 Februari 2025 nilikata bima kubwa ya gari langu, IST iliyothaminiwa milioni 14. Ada ilikuwa 490,000 na VAT 88,200, jumla nikalipa 578,200. Tarehe 25 Mei nikaliuza kwa mtu wa Nzuguni. Siku ile ile nilimtumia ujumbe wa wasapu wakala aliyenikatia bima, nikamwambia gari nimeuza, wasitishe. Akajibu, "Sawa kaka, nitawaambia ofisini." Nikatulia. Julai nakwenda ofisini kuulizia hela yangu, wananiambia hawana taarifa yoyote, niandike barua. Nikaandika pale pale, wakagonga mhuri wa tarehe 14 Julai. Wiki iliyopita wameniita nisaini karatasi nichukue 147,000. Mimi nilishapiga hesabu ya siku 260 zilizobaki tangu niuze, nikapata 411,868. Sijawahi kudai kwao hata kioo. Nikiwauliza wananionesha jedwali lililo nyuma ya mkataba, picha yake nimekutumia. Sijasaini. Je, wananidhulumu? Na mwezi ujao nataka kununua Noah, sijui kama hilo linasaidia chochote.*

*Aliyeuza IST, Ipagala*

Marahaba, mdogo wangu. Hizo laki nne na ushee hutazipata, hilo tulimalize mapema. Lakini hata hiyo 147,000 haijatimia. Kuna hela yako imeachwa nje ya hesabu ambayo hawana cha kubishia, na kuna nyingine utaipata ukiweza kuthibitisha jambo moja. Umefanya vizuri kutosaini, nami nitarudi kwenye hiyo karatasi.

Nimefanya kazi kwenye dawati la bima za magari kwa miaka mingi kabla sijaanza kuandika safu hii, na hesabu uliyoifanya wewe niliiona karibu kila wiki. Mtu anachukua ada ya mwaka, anaigawa kwa siku 365, anazidisha kwa siku zilizobaki. Ni hesabu halali kabisa, na ipo kwenye mikataba, ila ni ya siku ambayo kampuni ndiyo inayovunja mkataba. Wao wakikuandikia kwamba hawataki tena kukulinda, wanakurudishia kwa uwiano wa siku, shilingi kwa shilingi. Wewe mteja ukivunja, mikataba mingi ya magari haifuati siku. Inafuata jedwali la muda mfupi, lile ambalo maofisini wanaliita shoti piriodi.

Nimeikuza picha yako nikaisoma. Jedwali lako linasema kampuni inabaki na asilimia 20 ya ada kama bima imetumika hadi mwezi mmoja, 30 kwa miezi miwili, 40 kwa mitatu, 50 kwa minne, 60 kwa mitano, 70 kwa sita, 80 kwa saba, 90 kwa minane. Ikizidi miezi minane hurudishiwi kitu, ingawa miezi karibu minne bado iko mbele yako. Mwezi ukianza unahesabiwa wote, iwe umeutumia siku moja au siku ishirini na tisa.

Utaona kwamba jedwali linakuumiza zaidi mwanzoni. Mwezi mmoja ni chini ya asilimia 9 ya mwaka lakini wanabaki na 20. Sababu yao ni kwamba gharama kubwa za bima hutoka siku ya kwanza: kamisheni ya wakala, ukaguzi wa gari, kuandaa hati, kusajili stika. Pia wanawahofia watu wanaokata bima ya mwaka kwa ajili ya safari moja ya Mwanza kisha wakaja kudai hela ya miezi kumi na moja. Binafsi naona sababu ya kwanza ina uzito kuliko ya pili, na naona hiyo ngazi ya miezi mizima ni ya kikatili kwa anayechelewa siku tatu. Lakini ndiyo uliyoisaini, na msuluhishi yeyote ataanza na ulichosaini. Atakayekwambia kwamba gari likiuzwa mkataba unakufa wenyewe, kwa hiyo jedwali halikuhusu, ana hoja ya kisheria ya kuzungumzia, lakini siyo hoja ya kumpeleka mtu mahakamani kwa laki na kitu. Mimi nisingeitegemea.

Sasa tuone walivyopata 147,000. Wamehesabu kutoka 10 Februari hadi 14 Julai. Miezi mitano kamili iliishia tarehe 9 Julai. Barua yako ikagongwa mhuri siku tano baadaye, kwa hiyo ukawa umeingia mwezi wa sita, wakabaki na asilimia 70. Asilimia 30 ya 490,000 ndiyo 147,000. Kwa tarehe waliyoichukua, hesabu ya ada ni sahihi. Ungefika ofisini tarehe 9 na barua mkononi, wangebaki na 60, nawe ungepata 196,000. Siku tano zimekugharimu 49,000.

Kinachokosekana ni kodi. Ulilipa VAT ya asilimia 18 juu ya ada yote, na bila shaka iko kwenye risiti yako ya EFD kwenye mstari wake. Ada ikipungua, kodi yake nayo inapungua. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani inaruhusu muuzaji kurekebisha kodi pale mauzo yanapofutwa au bei inapobadilika: kampuni inakuandikia kredit noti, yaani hati inayoonesha kiasi kinachorudishwa, kisha inajipunguzia kiasi hicho kwenye ritani zake za TRA. Haitoi mfukoni mwake. Asilimia 18 ya 147,000 ni 26,460. Kwa hiyo hata wakishikilia tarehe yao ya Julai bila kulegeza, stahili yako ni 173,460. Hii haihitaji ugomvi. Waombe kredit noti inayoonesha ada na VAT kwa mistari miwili tofauti. Mara nyingi anayeandaa malipo huchukua namba ya ada tu kwenye mfumo akasahau mstari wa chini, na akioneshwa risiti anarekebisha siku hiyo hiyo. Akikwambia VAT hairudi, mwombe aandike hivyo kwenye barua yenye nembo ya kampuni. Nimeona watu wakipata kumbukumbu ghafla wanapoombwa kuandika.

Sehemu ya pili ni tarehe, na hapo ndipo kesi yako ilipo. Ikikubalika kwamba ulitoa taarifa tarehe 25 Mei, basi bima ilikuwa imetumika miezi mitatu na siku kumi na sita, yaani umo kwenye mwezi wa nne. Kampuni inabaki na asilimia 50, wewe unapata 245,000 na VAT yake 44,100, jumla 289,100. Tofauti na wanachokupa leo ni 142,100.

Je, ujumbe wa wasapu kwa wakala ni taarifa kwa kampuni? Cha kwanza angalia huyo mtu ni nani hasa. Kwenye hati yako ya bima kuna sehemu inayoonesha aliyeiuza. Kama ni wakala, huyo anafanya kazi kwa niaba ya kampuni. Ndiye mkono wao mtaani, amekatiwa leseni kwa jina lao, na ulichomwambia kuhusu bima aliyokuuzia una haki ya kusema umewaambia wao. Kama ni dalali wa bima, yaani broka, mambo yanageuka, kwa sababu broka anamwakilisha mteja. Ukimwambia broka asitishe naye asifikishe ujumbe, mwenye kosa ni broka, na madai yako yanaelekea kwake. Kwa mazungumzo ya kawaida sote tunawaita mawakala, ndiyo maana nasema soma hati.

Cha pili, mkataba wako unataka taarifa "kwa maandishi". Watakwambia wasapu si maandishi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema ujumbe haukataliwi nguvu ya kisheria kwa sababu tu uko kwa njia ya kielektroniki. Hilo peke yake halikupi ushindi, maana wanaweza kusema mkataba unataka taarifa ifike ofisini kwao, lakini linawanyang'anya ile hoja nyepesi. Uzito wako mkubwa upo kwenye jibu la wakala. "Nitawaambia ofisini" maana yake alipokea, akaelewa, akajitwika kazi ya kuifikisha. Piga picha ya skrini inayoonesha ujumbe wako, jibu lake, tarehe, saa na namba yake ya simu, siyo jina ulilomhifadhi nalo. Usifute mazungumzo hayo, wala usibadilishe simu kabla hujayahifadhi mahali pengine.

Cha tatu ndicho watu hawakifikirii, na kinaweza kukubeba au kukuangusha. Kampuni itasema: sawa, ulimwambia wakala, lakini stika yako ilibaki hai hadi Julai. Mnunuzi angemgonga mtu wa bodaboda pale mzunguko wa Nzuguni mwezi Juni, nani angefuatwa? Hapo wana hoja ya kweli. Bima ya gari ina ile sehemu ya kumlinda mtu wa tatu, ambayo sheria inailazimisha, na maadamu stika inasoma hai kwenye mfumo, kampuni inaonekana imebeba jukumu hilo. Ndiyo maana zamani walikuwa wanadai urudishe stika ya karatasi iliyobanduliwa kwenye kioo kabla hawajakulipa hata senti. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, na kinachohesabika ni hali yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

Kwa hiyo leo jioni, kabla hujaandika chochote, ingia tiramis.tira.go.tz, sehemu ya kuhakiki bima, uweke namba ya usajili ya ile IST. Utaonyeshwa kampuni iliyokatia gari hilo bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Unatafuta vitu viwili. Kimoja ni kama bima yako bado inasoma hai. Ikiwa hai hadi leo, kampuni haijaifuta licha ya barua yako ya 14 Julai, na hilo ni kosa lao ambalo lazima ulitaje, maana jina lako bado limefungwa kwenye gari la mtu mwingine. Kingine ni kama mnunuzi alikata bima yake, na lini. Ukikuta aliikata, tuseme, siku mbili au tatu baada ya kununua, hoja yao kwamba walibeba jukumu hadi Julai inabaki mifupa, kwa sababu gari lilikuwa na mlinzi mwingine. Ukikuta aliendesha kwa stika yako miezi yote hiyo, ujue madai ya tarehe ya Mei yamepungua nguvu. Nisingeyaacha, ila ningekuwa tayari kukutana nao katikati.

Sasa barua. Usiandike kurasa tatu za uchungu. Yule atakayeisoma ana faili arobaini mezani, anataka namba. Andika hivi, kwa tarehe na namba zako:

"Rejea mkataba namba hii wa gari namba hii. Niliuza gari tarehe 25 Mei 2025 na siku hiyo hiyo nikatoa taarifa kwa wakala wenu, ambaye aliithibitisha kwa maandishi. Nakala ya mawasiliano, mkataba wa mauziano na kadi ya gari iliyohamishwa jina vimeambatishwa. Katika muda wote wa bima sikuwasilisha dai lolote. Kwa jedwali la mkataba, bima ilikuwa katika mwezi wa nne, hivyo naomba kurudishiwa 245,000 pamoja na VAT 44,100, jumla 289,100, na nakala ya kredit noti. Iwapo mnaona tarehe sahihi ni 14 Julai, naomba sababu kwa maandishi, na kwa vyovyote VAT ya 26,460 juu ya kiasi mlichokokotoa haijajumuishwa."

Ile sentensi kuhusu kutodai usiiache. Mikataba mingi ina kipengele kwamba aliyewahi kulipwa dai ndani ya mwaka huo, hata la kioo cha mbele, harudishiwi chochote akisitisha. Wewe uko salama, basi sema. Kadi iliyohamishwa jina ni muhimu pia kuliko mkataba wa mauziano, kwa sababu mkataba unaweza kuandikwa na yeyote tarehe yoyote, lakini uhamisho wa umiliki unaacha alama TRA. Kama mnunuzi bado hajahamisha, na wako wengi wanaoendesha kwa kadi ya mtu mwaka mzima, anza na hilo kabla ya bima.

Barua ipeleke mwenyewe, nakala mbili, ya pili igongwe mhuri na iandikwe jina la aliyepokea.

Na ile karatasi waliyokupa: isome mstari wa chini. Mara nyingi imeandikwa kwamba umepokea kiasi hicho kama malipo kamili na ya mwisho, na hutakuwa na dai lingine lolote. Ukisaini hiyo kwa 147,000, hata VAT yako umeisamehe. Kama una shida ya pesa sasa hivi, waombe wakulipe kiasi kisicho na mgogoro, nawe andika kwa mkono juu ya saini yako kwamba umepokea sehemu ya malipo na salio linaendelea kujadiliwa. Wakikataa, subiri.

Kuhusu Noah, laiti ungeniandikia Mei. Mtu anayebadilisha gari halazimiki kuvunja bima. Anaweza kuomba kampuni ilitoe gari la zamani na kuingiza jipya kwenye mkataba ule ule, kwa kiambatisho, na tofauti ya ada ikahesabiwa kwa siku zilizobaki. Jedwali la muda mfupi haliingii kabisa, kwa sababu hakuna kilichovunjwa. Lakini hata sasa usiliache hivi hivi. Hujasaini, na hela yako bado iko kwao. Unapopeleka barua, omba kuonana na meneja wa tawi umwambie wazi kwamba unanunua gari lingine mwezi ujao, na umuulize kama wako tayari kuipokea ada iliyobaki kwa uwiano wa siku tangu 14 Julai, iwe sehemu ya malipo ya bima ya Noah. Kwa hesabu ya siku, tarehe hiyo ilibakisha siku 210, sawa na 281,918 kabla ya VAT. Mkataba hauwalazimishi kukubali, lakini meneja anayefikiri ataona kwamba anachagua kati ya kumlipa mteja anayeondoka na kubaki na mteja anayelipa. Akikubali, mwombe aandike kabla hujalipia gari jipya. Ahadi ya mdomo umeshaona inavyoishia.

Wasipokujibu ndani ya wiki tatu hivi, au wakijibu kwa maneno matupu, wewe una bahati ya mahali. Makao makuu ya TIRA yapo hapa hapa Dodoma, na wanapokea malalamiko dhidi ya kampuni, mawakala na madalali. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya migogoro kama hii. Wote wawili watakuuliza kwanza kama ulishailalamikia kampuni yenyewe kwa maandishi, ndiyo maana nimesisitiza ule mhuri wa nakala ya pili. Wakili usimlipe. Atakula hiyo 142,100 kabla hajamaliza kusoma jedwali.

Ukishaangalia kwenye mfumo, niandikie umekuta nini kwa yule mnunuzi wa Nzuguni. Kama alikata bima yake mwezi Mei, nitakusaidia kuongeza sentensi moja kwenye barua.